Pampu ya Sola Inazunguka, Maji Hayatoshi: Kutafuta Chanzo Kwenye Kisima, Paneli na Tanki

Malalamiko huwa yale yale katika nyumba za kupangisha kuanzia Buhongwa hadi Kisesa: kisima kimechimbwa, paneli zimefungwa, pampu inasikika, lakini ikifika saa 2 usiku bomba la ghorofa ya juu linatoa hewa. Mwenye nyumba anamwita fundi, na jambo la kwanza linalopendekezwa ni kuongeza paneli au kubadili pampu iwe kubwa zaidi. Mara nyingi hapo ndipo tatizo linapokuwa kubwa. Kwenye miamba ya Mwanza pampu kubwa inaweza kukupa maji machache kuliko pampu ndogo, na hesabu ya jambo hilo ni fupi.

Kabla ya kununua kitu chochote, pima mambo manne. Pima mtiririko wa maji pale yanapoingia tankini, kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Pima kina cha maji kisimani pampu ikiwa imelala usiku kucha, kisha upime tena baada ya saa mbili za kazi, kwa waya wenye alama za mita na ncha inayolia inapogusa maji. Pima volti za paneli kwenye kidhibiti saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 alasiri. Mwisho, andika usawa wa maji ndani ya tanki kila baada ya saa mbili kwa siku nzima, kuanzia alfajiri. Bila vipimo hivi unabahatisha tu, na pampu ya kisima si kifaa cha kubahatisha, kwani kuitoa na kuirudisha ni kazi ya siku nzima.

Jengo tutakalolifuata

Chukua jengo la ghorofa mbili lenye nyumba nane, watu 45. Kwa lita 100 kwa mtu kwa siku, ukiongeza lita 500 za usafi na bustani, mahitaji ni lita 5,000. Kisima kina mita 80, kesingi ya inchi 5, na maji yakitulia yapo mita 18 kutoka mdomoni. Ripoti ya mchimbaji inasema kisima kilitoa lita 1,200 kwa saa wakati wa majaribio. Tanki limewekwa juu ya jabali nyuma ya jengo, mita 15 juu ya mdomo wa kisima.

Ile lita 1,200 isichukuliwe kama ilivyo. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye matale, na maji hayajai kwenye mwamba wenyewe bali hupita katika nyufa zake. Ufa una kikomo chake, na kikomo hicho hushuka kiangazi kinapokuwa kirefu. Chukua asilimia 70 ya kipimo cha majaribio, yaani kama lita 850 kwa saa, na usiruhusu pampu ivuke hapo. Kama majaribio yalifanyika Aprili, masika ikiwa imeshika, pima tena mwishoni mwa Septemba kabla ya kuamini namba hiyo.

Dalili: inavuta dakika 10 hadi 20, inasimama nusu saa, inarudi tena

Hiki ndicho kisa kinachopotosha watu wengi. Jua linawaka, taa ya kidhibiti inaonyesha kisima kikavu, pampu imesimama. Baada ya muda inaamka yenyewe, maji yanakuja kwa nguvu, kisha yanakatika. Tofauti na kukatika kwa mawingu ni kwamba vipindi hivi vinafanana siku nzima hata anga likiwa jeupe. Vikifuatana kama vilivyopangwa, kisima ndicho kinachokatisha pampu, paneli hazihusiki.

Kinachotokea ni hiki. Kesingi ya inchi 5 inashika kama lita 12 kwa kila mita. Pampu ikiwa mita 62 na maji yakitulia mita 18, juu yake kuna mita 44 za maji, yaani kama lita 530. Hiyo ni akiba iliyosimama. Pampu ya lita 2,600 kwa saa inaanza kuinywa hiyo akiba, huku nyufa zikirudisha kidogo kidogo, na haziwezi kufikia lita 1,200 kwa saa mpaka maji yawe yameshuka karibu na pampu. Akiba inaisha ndani ya robo saa na ushei. Kinga ya kukauka inakata umeme. Ndani ya nusu saa ya mapumziko kisima kinarudisha takribani theluthi mbili ya kilichotoka, pampu inaamka, inavuta kama lita 500 na kukatika tena.

Mzunguko mmoja kwa hiyo ni kama dakika 42 kwa lita 500. Pampu hiyo, ikipandisha maji kutoka chini kabisa hadi kwenye jabali, inahitaji karibu wati 1,500. Hata ukiifungia paneli sita za wati 330 itapata nguvu hiyo katika jua kali tu, saa nne au tano kwa siku. Asubuhi na jioni haifikishi maji juu. Zidisha mizunguko saba kwa lita 500 upate lita 3,500. Jengo linataka 5,000. Ukiongeza paneli nyingine mbili, pampu itamaliza akiba mapema zaidi na kusimama kwa muda ule ule.

Kuishusha pampu chini zaidi hakuongezi maji yanayoingia. Kunaongeza akiba ya lita 12 kwa kila mita, na kunaisogeza pampu kwenye tope na mchanga wa tale lililooza unaokaa chini ya kisima. Zaidi ya hapo, maji yakishushwa chini ya ufa mkuu, yanaanza kuporomoka ukutani yakiwa na hewa na kutu, na ndiyo sababu maji ya mwisho wa kila mzunguko huwa mekundu au meupe kama maziwa kabla hayajatulia. Ukiona rangi hiyo, usisubiri kipimo kingine.

Dawa yake ni pampu ndogo na siku ndefu

Kisima hiki kingeweza kutoa lita 20,000 kwa siku kama kingevutwa polepole saa 24. Jua ndilo linalokupa saa chache. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kurefusha saa za kazi, na si kuongeza kasi. Unachagua pampu inayotoa lita 850 kwa saa, halafu unaipa paneli nyingi kuliko hesabu ya chini inavyodai, ili iamke mapema na ilale kwa kuchelewa.

Anza na urefu wa kupandisha. Maji pampu ikiwa kazini yapo mita 42 chini, tanki lipo mita 15 juu, na msuguano ndani ya bomba la milimita 32 lenye urefu wa mita 140, pamoja na kona na valvu, tuseme mita 3. Jumla mita 60. Nishati ya kupandisha maji kwa siku, kwa kilowati-saa, ni:

```
E = 0.002725 × V × H
E = 0.002725 × 5 × 60 = 0.82
```

V ni mita za ujazo, H ni mita za kupandisha. Pampu, mota na kidhibiti kwa pamoja hupoteza zaidi ya nusu. Tukichukua ufanisi wa asilimia 40, umeme unaohitajika ni kilowati-saa 2.05. Kwa upande wa jua, tumia saa 4.8 za jua kamili kwa siku kama kadirio la tahadhari, kisha ukate robo kwa ajili ya joto, vumbi na nyaya. Gawa 2.05 kwa 4.8, kisha kwa 0.75, unapata karibu wati 570.

Wengine wangeishia hapo na kufunga paneli mbili za 330. Soma kwanza kibandiko cha kidhibiti. Vidhibiti vingi vidogo vya pampu ya mota isiyo na brashi vinataka volti za kazi zisizopungua kiwango fulani, tuseme 90, na zisizozidi volti 150 bila mzigo. Paneli ya wati 330 yenye seli 72 hutoa karibu volti 38 kazini na 46 bila mzigo. Mbili kwa mfululizo ni 76, hazifiki. Tatu ni 114 kazini na 138 bila mzigo. Asubuhi yenye baridi ya nyuzi 17 volti hupanda kwa asilimia mbili au tatu, zinafika kama 142, bado ziko salama. Nne zingeunguza kidhibiti. Hivyo paneli tatu, wati 990.

Ziada hiyo ndiyo inayofanya kazi tunayoitaka. Pampu ya lita 850 kwa saa inahitaji kama wati 350 tu. Paneli hizi zinaifikisha hapo jua likiwa chini kidogo ya nusu ya nguvu yake, yaani tangu kama saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri siku ya anga jeupe. Saa saba mara lita 850 ni karibu lita 6,000. Ni paneli tatu badala ya sita, na maji yanazidi mahitaji kwa lita 1,000.

Mwendo wa pampu upunguzwe kwenye kidhibiti, kwa kitufe au mpangilio wa kasi ya juu kabisa, huku mtu akihesabu ndoo kule juu. Lita 850 kwa saa ni ndoo ya lita 20 kwa sekunde 85. Kama ni pampu ya skrubu, usiibane kamwe kwa geti valvu. Skrubu haijui kupunguza maji. Inaongeza mgandamizo hadi kiungo kiachie au mpira wake wa ndani uharibike. Pampu ya mapanga inavumilia kubanwa kidogo, ingawa hapo unalipia umeme unaopotea kwenye valvu.

Dalili: haiamki hadi saa 4 na nusu, au inakufa kila wingu likipita

Kwanza jua saa yenyewe. Mwanza iko magharibi mwa mstari unaopangia saa zetu, kwa hiyo jua halifiki katikati saa 6 kamili bali karibu saa 7 kasorobo. Anayepima saa 6 akidhani ndio kilele atasoma pungufu kidogo, na anayelinganisha saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri atadhani kuna hitilafu ilhali hakuna. Mwenza wa saa 3 asubuhi ni kama saa 10 na nusu.

Baada ya hapo tafuta kivuli. Mji huu una majabali, na jabali moja la jirani linatosha. Paneli tatu zikiwa mfululizo, kivuli kilichofunika moja kinaziacha mbili, volti 76, na kidhibiti kinachotaka 90 hakiamki hata kama hizo mbili zinaangazwa vizuri. Mwenye nyumba anaona theluthi mbili ya paneli ziko juani na hawezi kuamini kwamba kivuli ndicho chanzo. Mita itakuonyesha: ondoa mzigo, pima kila paneli peke yake, kisha pima mfululizo wote pampu ikijaribu kuanza.

Jambo linalochanganya ni kwamba kivuli kinahama na msimu. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua hupita kaskazini kwetu na Desemba hupita kusini. Jabali lililo kaskazini-mashariki litaiba asubuhi za Juni na Julai na kukuachia Desemba salama. Mfumo uliokabidhiwa Desemba ukiwa mzima kabisa, ukaanza kusumbua Juni, usifungue kidhibiti. Nenda kasimame mahali paneli zilipo saa 2 na nusu asubuhi. Hapa kwetu paneli hulazwa karibu bapa, nyuzi 10 zikielekea kaskazini, ili mvua iweze kuosha vumbi. Zikilazwa bapa kabisa, tope na wadudu wa ziwani hubaki kwenye ukingo wa chini na kufunika safu nzima ya seli.

Kama paneli ni safi na hazina kivuli, angalia aina ya pampu. Pampu ya mapanga lazima ifikie kasi fulani ndipo iweze kushinda mita 60. Chini ya hapo inazunguka bila kutoa tone. Ya skrubu hupandisha maji hata ikizunguka polepole, ila kidogo. Kwa kisima cha maji machache na cha kina, skrubu inafaa zaidi, mradi maji hayana mchanga. Mchanga unakula mpira wake, na dalili ya kuliwa ni mtiririko unaopungua mwezi hadi mwezi huku volti na kina cha maji vikiwa vile vile.

Dalili: umeme uko sawa, kisima kina maji, ndoo haijai

Pima pale mdomoni mwa kisima, kisha pima kwenye tanki. Zikitofautiana, bomba la kati linavuja, mara nyingi pale lilipozikwa kati ya mawe bila mchanga wa kulilalia. Zikiwa sawa lakini chache, tatizo liko ndani ya kisima.

Cheki valvu ikiwa inavuja, bomba zima humwagika kurudi kisimani usiku. Mita 140 za bomba la milimita 32 zinashika kama lita 74, na kwa mwendo wetu inachukua dakika tano kulijaza. Pampu ikiamka asubuhi na maji yakachukua dakika tano kufika tankini kila siku, cheki valvu imechoka. Pampu ikifungwa upya na kutoa maji machache au kutotoa kabisa, badilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu za mota: inawezekana inazunguka kinyume.

Dalili: tanki linamwagika saa 8 mchana, alfajiri ni tupu

Hapa pampu haina kosa. Kosa ni ukubwa wa tanki au muungano wa matanki.

Katika jengo letu maji hutumika zaidi wakati pampu imelala. Tuseme kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi wanatumia asilimia 35, mchana pampu ikiwa kazini asilimia 25, jioni asilimia 35, na usiku wa manane asilimia 5. Robo tatu ya lita 5,000, yaani 3,750, lazima ziwe zimehifadhiwa jua likizama, hata kama siku ilikuwa nzuri kabisa. Tanki la lita 3,000 litafurika mchana na kukauka asubuhi milele, hata ukifunga paneli kumi.

Ongeza siku za mawingu. Wakati wa masika pampu ikitoa nusu, lita 3,000, unapungukiwa lita 2,000 kwa siku. Kwa siku mbili mfululizo ni 4,000. Jumla 7,750, na juu yake maji ya chini ya toleo ambayo hayatoki. Matanki mawili ya lita 5,000 yanatosha. Yakijaa yana uzito wa tani kumi, kwa hiyo kama hayako juu ya jabali bali kwenye zege la paa, aliyechora nguzo za jengo aulizwe kwanza.

Matanki mawili yakiunganishwa, vitako vyao viwe kwenye usawa mmoja. Tofauti ya sentimita 20 ikipita, la chini linafurika kabla la juu halijajaa, na floti iliyo kwenye la chini inaizima pampu mapema. Ukikuta tanki moja lina maji na mabomba ya jengo hayatoi, chunguza bomba la kuyaunganisha: likiwa la nusu inchi halipitishi haraka kama asubuhi inavyotaka, na likipinda kwenda juu kama upinde linashika hewa. Weka la inchi 2, liende bapa au likiinamia upande mmoja, na kila tanki liwe na valvu yake ili liweze kuoshwa peke yake. Maji ya pampu yaingie tanki moja na maji ya jengo yatoke tanki la pili, la sivyo maji ya tanki la pembeni yatakaa wiki nzima bila kusogea.

Kama tanki halijajaa na kidhibiti kinasema limejaa, chomoa waya wa floti kwenye kidhibiti na weka vituo vyake katika hali ya tanki tupu, kwa kuviunganisha au kuviacha wazi kama mchoro wa kidhibiti unavyoelekeza. Pampu ikiamka, kosa liko kwenye floti au kwenye waya wake unaopanda jabalini, ambao panya huutafuna na radi za ukanda wa ziwa huupitia. Waya huo uwe ndani ya bomba, na kidhibiti kiwe na kinga ya radi iliyofungwa kwenye nguzo ya ardhi yenye udongo unyevu, kwa sababu nguzo iliyogongwa kwenye mwanya wa tale kavu hailindi chochote.